Muhogo, Picha za Simu na Sehemu ya Tasnifu Inayoandikwa Usiku wa Mwisho

Chukua tasnifu za uzamili zilizopangwa kwenye rafu ya maktaba ya chuo, tafuta kichwa kidogo kisemacho "Vikwazo vya Utafiti", na mara nyingi utakutana na wageni watatu wale wale: muda haukutosha, fedha zilikuwa chache, na baadhi ya wahojiwa hawakutoa ushirikiano. Aya inayofuata hueleza jinsi mtafiti alivyokabiliana na kila kikwazo, kisha humalizia kwamba matokeo hayakuathirika. Ukifika mwisho umejua kwamba mtafiti alihangaika. Kuhusu matokeo yenyewe hujaambiwa kitu.

Wanafunzi wa sayansi ya data wameirithi desturi hii. Wahojiwa wakaidi wamegeuka kuwa "data chache", ukata umegeuka kuwa "kompyuta isiyo na nguvu", na muda umebaki kuwa muda. Sehemu yenyewe huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, wakati marejeo yameshapangwa na hata ukurasa wa shukrani umekwisha. Hapo mwandishi hana hamu tena ya kuichokonoa kazi yake, na nani atamlaumu?

Lakini sehemu hiyo ina kazi yake mahususi. Inapaswa kumwambia msomaji ni namba gani katika tasnifu aitilie shaka, namba hiyo imeelemea upande gani, na kwa kiasi gani. Isipofanya hivyo, haidhuru ina kurasa ngapi.

Utaratibu wa kufikiri kuhusu jambo hili haukuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1963, Donald Campbell na Julian Stanley, Wamarekani waliokuwa wakishughulikia majaribio ya kielimu, waliorodhesha mambo yanayotishia uhalali wa matokeo. Mwaka 1979 Campbell na Thomas Cook wakayapanga katika makundi manne: je, hesabu za takwimu zinabeba hitimisho? Je, kilichosababisha matokeo ni kile unachodhani? Je, ulichopima ndicho ulichosema unapima? Na je, matokeo yatasimama ukitoka nje ya pale ulipofanyia utafiti? Makundi hayo bado yanatumika, lakini kilicho na thamani zaidi ni wazo lililo chini yake: tishio ni maelezo mengine yanayoweza kuzaa matokeo yale yale. Watoto wamefaulu baada ya kufundishwa kwa mbinu mpya. Huenda ni mbinu, na huenda ni kwa sababu wamekua kwa miezi sita. Kuanzia hapo unaona kwa nini "muda haukutosha" si tishio. Hakuna matokeo yanayoelezwa na uhaba wa muda. Kuna matokeo yanayoelezwa na kile ambacho uhaba wa muda ulikufanya usikifanye, na hicho ndicho cha kuandika.

Tuone jambo hili kwenye zao tunalolifahamu. Mwishoni mwa 2020 kulifunguliwa shindano kwenye jukwaa la Kaggle la kufundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia picha ya jani. Picha za kufunzia zilikuwa 21,397, zilizokusanywa Uganda, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe kwenye mashamba yao. Waliosema picha hii ni ya ugonjwa gani ni wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao nchini humo, wakishirikiana na maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere. Picha ziligawanywa katika makundi matano: magonjwa manne, na majani yenye afya. Data hizi ziko wazi kwa yeyote, ndiyo maana wanafunzi wengi wa kwetu huzikimbilia.

Sasa mwanafunzi anakuja na modeli yenye usahihi wa asilimia 88, na msimamizi anafurahi. Kabla ya kupiga makofi, hesabu picha za kila kundi. Batobato peke yake ina picha 13,158, na mnyauko unaoletwa na bakteria una 1,087. Modeli isiyojua lolote, inayosema "batobato" hata ukiipiga picha ya kiatu, itapata asilimia 61.5. Kwa hiyo 88 isipimwe kuanzia sifuri, ipimwe kuanzia 61.5. Hili ni jepesi, halihitaji hata kuwekwa kwenye sehemu ya vikwazo. Liweke kwenye sura ya matokeo, kando ya namba yenyewe, pamoja na alama ya F1 ya kila ugonjwa ili wa wachache nao waonekane. Nimelitaja mapema kwa sababu ukilikuta limefichwa, jiandae kukuta mengine.

Matatizo makubwa huanza pale mwanafunzi anapokwenda kupiga picha zake mwenyewe. Tutumie mfano wa kubuni, wenye namba za kubuni, ila mambo yenyewe hutokea kila siku. Mwanafunzi amezunguka mashamba 40 ya Mkuranga na Muheza, amepiga picha 3,000 kwa simu yake, kila mmea picha nne au tano ili asikose iliyo safi. Amerudi chuoni, amezichanganya zote kama karata, ametenga asilimia 20 za kupimia na zilizobaki amezifunzia modeli. Alama ya F1 imetoka 0.93.

Maelezo ya kwanza ya 0.93 ni kwamba modeli imejifunza magonjwa. Yapo mengine. Mmea mmoja una picha tano. Tatu zimeangukia upande wa kufunzia na mbili upande wa kupimia. Modeli haihitaji kujua ugonjwa, inahitaji kukumbuka mmea. Au inakumbuka shamba: udongo mwekundu wa pale, kivuli cha mnazi kile, saa aliyopigia picha. Kama shamba lile lote lilikuwa na batobato, basi udongo mwekundu ni batobato.

Anayedhani haya ni mashaka ya mtu mbishi aangalie yaliyoipata PlantVillage, hazina maarufu ya picha 54,306 za majani ya mazao mbalimbali. Majani yale yalichumwa, yakawekwa juu ya karatasi, yakapigwa picha. Mwaka 2016 Mohanty, Hughes na Salathé waliripoti usahihi wa asilimia 99.35 kwa data hizo. Miaka baadaye, mwaka 2022, ulichapishwa utafiti ambapo modeli ilifunzwa kwa pikseli nane tu zilizochukuliwa pembeni mwa picha, mahali ambapo hakuna jani kabisa. Ilipata asilimia 49, ilhali kubahatisha kungeipa 2.6. Yaani karibu nusu ya majibu yalikuwa kwenye karatasi iliyolaziwa jani.

Lakini tuwatendee haki wale watatu wa 2016. Katika makala ile ile yenye 99.35, waliijaribu modeli kwa picha zilizotoka kwingine, zilizopigwa katika mazingira tofauti, wakaandika kwamba usahihi uliporomoka hadi kama asilimia 31. Waliiandika namba hiyo wao wenyewe, kabla ya mtu yeyote kuwauliza. Walioinukuu 99.35 na kuiacha 31 ni sisi wasomaji.

Mwanafunzi wetu afanye nini? Wengi huandika: "Kuna uwezekano kwamba picha za mmea mmoja zilionekana pande zote mbili." Sentensi hiyo ni ya kweli na bado si ya uaminifu, kwa sababu jambo hilo linapimika jioni moja. Anazo kumbukumbu za shamba la kila picha. Kinachotakiwa ni kugawanya kwa mashamba, shamba zima likae upande mmoja:

```python
from sklearn.model_selection import GroupKFold, cross_val_score

mgawanyo = GroupKFold(n_splits=5)
alama = cross_val_score(modeli, picha, lebo, groups=shamba,
                        cv=mgawanyo, scoring="f1_macro")
print(alama)
```

Katika mfano wetu zinatoka alama tano: 0.78, 0.74, 0.55, 0.73 na 0.75. Wastani wake ni 0.71. Pengo kati ya 0.93 na 0.71 ndilo jibu la swali la "kwa kiasi gani", na sasa halipo tena kwenye "uwezekano". Namba ya kupeleka kwenye ikisiri ni 0.71. Ile 0.93 inaweza kubaki kwenye sura ya matokeo kama ushahidi wa jinsi mgawanyo unavyodanganya, na ni ushahidi mzuri kweli kweli.

Tena usiishie kwenye wastani. Ile 0.55 inaita. Ukifungua kundi lile la mashamba manane na kukuta kwamba matano yake yamepandwa aina nyingine ya muhogo, yenye majani membamba, umepata kikwazo chenye jina: modeli haijaonyesha kwamba inaweza kuvuka kutoka aina moja ya muhogo kwenda nyingine. Hicho ni kitu ambacho bwana shamba anaweza kukitumia. "Data chache" hakitumii mtu.

Kosa hili la data za kupimia kuvujia kwenye za kufunzia si la wanafunzi peke yao. Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2023 kwamba limeathiri makala 294 katika nyanja 17 za kisayansi. Kwenye utabiri wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walirekebisha makosa hayo na kukuta kwamba modeli tata zilizosifiwa hazizidi kwa chochote cha maana mbinu ya zamani ya takwimu ambayo zilidaiwa kuipiku.

Tishio la pili ni gumu zaidi kwa sababu haliko kwenye kompyuta. Liko kwenye jani. Nani alisema jani hili lina michirizi kahawia? Mtaalamu, kwa macho, akiangalia picha. Anayeujua ugonjwa huo anaujua ulivyo mjanja. Batobato hujitangaza juu kwenye majani machanga, yakajikunja na kuwa na madoa ya njano na kijani. Michirizi kahawia hupenda majani yaliyokomaa, ya chini, ambayo mpiga picha aliyesimama wima hayaangalii, na umanjano wake hufanana na wa jani linalozeeka au la mmea wenye njaa ya virutubisho. Hasara yenyewe iko chini ya ardhi, kwenye kiazi kilichooza kikawa kikavu na cha kahawia, na hali ya majani haisemi kila mara hali ya mizizi. Mkulima hujua siku ya kuvuna.

Kwa hiyo modeli iliyofunzwa kwa lebo hizo haikujifunza "ugonjwa wa michirizi kahawia". Imejifunza kukisia mtaalamu fulani angesema nini akiiona picha ile. Vitu hivyo viwili vinakaribiana, ila si kimoja, na tasnifu inayosema "modeli inatambua ugonjwa" imeruka hatua bila kuomba ruhusa. Kipimo cha PCR kwenye maabara kingethibitisha kama virusi vimo. Mwanafunzi hana fedha za kupima mimea yote, na hapa ndipo "fedha" hatimaye inapata nafasi yake halali kwenye sehemu ya vikwazo: si kama malalamiko, bali kama sababu ya lebo kubaki bila uthibitisho.

Hata bila maabara kuna kitu kinawezekana. Chagua picha 200 kwa bahati nasibu, mpe mtaalamu wa pili ambaye hajaona lebo za yule wa kwanza, kisha linganisha. Kipimo cha kappa cha Cohen huondoa makubaliano ambayo yangetokea kwa kubahatisha, jambo la lazima pale ugonjwa mmoja unapokuwa umejaa kwenye picha. Kama wataalamu wawili wanatofautiana kwenye picha 30 kati ya 200, na 22 kati ya hizo ni michirizi kahawia dhidi ya jani lenye afya, andika hivyo hivyo. Msomaji ataelewa kwamba modeli ikionekana kukubaliana na mtaalamu wa kwanza kwa asilimia 92, huenda sehemu ya ushindi huo ni kuiga mazoea ya mtu mmoja. Kwenye shindano la Kaggle washiriki walilalamikia lebo zenye makosa, na hata walioshika nafasi za juu kabisa, wakiwa na mitambo ya kila namna, walikwama karibu na asilimia 91.

Halafu kuna kutoka nje ya mlango. Hapa tuna bahati, kwa sababu jaribio limefanyika hapa hapa Tanzania na waliolifanya hawakuficha kitu. Mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha modeli iliyofunzwa kwa picha za muhogo kutoka Tanzania, ikapata usahihi wa jumla wa asilimia 93 kwenye picha ambazo haikuziona wakati wa kufunzwa. Wengi wangeishia hapo. Wao walifunza modeli nyingine, wakaiweka kwenye simu, wakaipeleka shambani, na mwaka 2019 wakachapisha yaliyotokea walipoijaribu kwenye vijani 720 vilivyougua au kushambuliwa na wadudu. Kwa dalili zilizo wazi kabisa, alama ya F1 ilishuka kwa asilimia 32. Nao walieleza sababu ya kihesabu ya kushuka huko: modeli ilikuwa ikiwapita wagonjwa bila kuwaona.

Tazama faida ya maelezo hayo ya mwisho. Modeli inaweza kukosea kwa njia mbili: kumwita mzima mgonjwa, au kumwita mgonjwa mzima. Kwa muhogo makosa haya hayalingani uzito. Muhogo hupandwa kwa pingili za shina. Mkulima aliyeambiwa mmea wake ni mzima atakata pingili, atapanda msimu ujao, atampa na jirani, na virusi vitasafiri na mbegu. Kwa hiyo kusema "utendaji ulishuka shambani" ni nusu ya ukweli. Kusema umeshuka kwa upande wa kuwapita wagonjwa ni kumpa msomaji sababu ya kutotumia modeli kuchagulia mbegu, hata kama inafaa kwa kazi nyingine. Mwanafunzi ambaye hana nauli ya kurudi shambani hawezi kurudia jaribio lile, ila anaweza kulitaja, na kusema kwamba 0.71 yake nayo imetokana na simu moja, mchana, msimu mmoja, na mpiga picha anayejua jani linatakiwa likaeje. Mkulima wa kawaida hatapata 0.71. Atapata chini ya hapo.

Kuhusu takwimu zenyewe nitakuwa mfupi. Kama kwenye data za kupimia mnyauko una picha 40 na modeli imepatia 34, usiandike "asilimia 85" ukaondoka. Kwa picha 40, uhakika wa asilimia 95 unaanzia kama 71 hadi 93. Na hapo tumejifanya kwamba picha zile 40 hazihusiani. Kama 25 kati yake zimetoka shamba moja, upana halisi ni mkubwa zaidi. Jedwali linaloonyesha mnyauko 85 na batobato 89, kisha likatangaza kwamba batobato ni rahisi zaidi kutambuliwa, limesema jambo ambalo data hazijalisema.

Sasa tuandike. Toleo la kwanza la mwanafunzi wetu, lile la usiku wa mwisho, lingesomeka hivi:

"Utafiti huu ulikabiliwa na uchache wa data na muda. Aidha, picha zilitoka wilaya mbili tu, hivyo matokeo yanaweza yasiwakilishe nchi nzima. Hata hivyo, mtafiti alijitahidi kuhakikisha ubora wa data. Utafiti ujao unashauriwa kutumia data nyingi zaidi."

Hakuna uongo hata mmoja. Na ukibadilisha "picha" kuwa "dodoso", aya hiyo inatosha kwenye tasnifu ya utalii. Toleo la pili:

"Alama ya F1 ya 0.71 imepimwa kwa mashamba ambayo modeli haikuyaona. Kwa mgawanyo wa kuchanganya picha ilikuwa 0.93, na tofauti hiyo tunaihusisha na picha za mmea na shamba moja kuonekana pande zote mbili. Katika kundi la mashamba lenye aina ya majani membamba alama ilikuwa 0.55, hivyo hatudai kwamba modeli inafaa kwa aina hiyo. Lebo ziliwekwa na mtaalamu mmoja kwa macho. Mtaalamu wa pili alitofautiana naye kwenye picha 30 kati ya 200, nyingi zikiwa za michirizi kahawia. Kwa ugonjwa huo alama yetu inapima ulinganifu na mtaalamu, si uwepo wa virusi. Hatukupima mizizi. Picha zote zilipigwa na mtu mmoja kwa simu moja katika msimu mmoja, na majaribio yaliyochapishwa kuhusu modeli za aina hii yanaonyesha kushuka zaidi zinapofika shambani, hasa kwa kuwapita mimea wagonjwa."

Ni ndefu kidogo, na kila sentensi inagusa namba au dai lililomo kwenye tasnifu. Mtahini anayetaka kuuliza swali kali ataona limeshaulizwa. Nimesikia wanafunzi wakisema kwamba kuandika hivi ni kujinyonga kwa kamba yako mwenyewe. Sikubaliani. Mtahini anayeijua kazi ataligundua tatizo la mgawanyo hata usipoliandika, na atakachotaka kujua ni kama uliligundua wewe kwanza. Asiyeijua kazi ataona 0.71 ni ndogo kuliko 0.93 ya mwenzako, hilo ni kweli, na ndipo msimamizi anapotakiwa kusimama na mwanafunzi wake.

Kazi ya aya hiyo haijaisha hapo. Rudi kwenye ikisiri na kwenye jina la tasnifu. Ikiwa sehemu ya vikwazo inasema hatukupima virusi, ikisiri haiwezi kusema "modeli inagundua magonjwa ya virusi vya muhogo nchini Tanzania". Iseme inatabiri lebo ya mtaalamu kwa picha za majani kutoka mashamba 40 ya wilaya mbili. Wengi huungama ukurasa wa 84 na kujisifu ukurasa wa pili, wakijua vizuri ni ukurasa upi unaosomwa.

Kuna pia uaminifu wa kupitiliza, ambao ni ujanja tu. Mwandishi anaorodhesha vikwazo ishirini, kuanzia ubora wa kamera hadi hali ya hewa, na kile kimoja kinachoweza kuiangusha tasnifu anakichomeka cha kumi na nne, katikati ya umeme kukatika na kompyuta kupata joto. Ndugu yake ni yule anayekiita kikwazo "mapendekezo kwa utafiti ujao". Ukisoma "utafiti ujao uangalie athari ya kugawanya data kwa mashamba", jiulize kwa nini yeye hakuangalia, wakati safu ya mashamba anayo kwenye faili lake. Wakati mwingine aliangalia, na hakupenda alichokiona.

Na hilo linatufikisha kwenye tishio ambalo msimamizi hawezi kulinusa wala mtahini kuligundua, kwa maana halionekani popote kwenye tasnifu. Mwanafunzi amejaribu mipangilio 60 ya modeli: leo amebadilisha kasi ya kujifunza, kesho ukubwa wa picha, keshokutwa aina ya mtandao. Kila mara amepima kwa data zile zile za kupimia, na mwishowe ameripoti iliyofanya vizuri kuliko zote. Data za kupimia zimeshageuka kuwa data za kuchagulia. Sehemu ya alama ile ni bahati ya mpangilio ulioangukia vizuri kwenye picha zile 600, na ukiletewa picha 600 nyingine bahati hiyo haiji nazo. Dawa yake ya mapema ni kutenga fungu la tatu la mashamba, tuseme manane, na kutoligusa hadi siku ya mwisho, likipimwa mara moja. Aliyechelewa kutenga fungu hilo bado ana daftari lake la majaribio, au kumbukumbu za mafaili kwenye kompyuta, na anaweza kuhesabu. Kisha aandike: "Mipangilio 60 ililinganishwa kwa kutumia data hizi hizi za kupimia, alama iliyoripotiwa ni ya ule uliofanya vizuri zaidi, na kwa hiyo imeelemea juu. Mpangilio wa kati kwa ubora ulipata 0.66."